Shoga yangu amenipa ufunguo nimfungie ndani aache pombe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nina shoga yangu, nitamwita Zai ingawa si jina lake. Tumekua pamoja, tumesoma chuo kimoja, watoto wetu wanaitana ndugu. Zai anapika vitumbua vya kuuza asubuhi. Kwa miaka kama minne sasa anakunywa konyagi, tena kwa kujificha. Kichupa kidogo kimoja anakimaliza kuanzia alfajiri mpaka mchana, na kingine usiku. Asipozimua alfajiri mkono unamtetemeka mpaka unga wa vitumbua unamwagika nje ya kikaango.

Mwezi uliopita aliniambia mwenyewe kwamba amechoka, anataka kuacha. Nikaulizia kimyakimya, nikapata kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Nikamwambia nitakusindikiza. Akakubali, na kwa heshima ya siku hiyo hakugusa kitu tangu Ijumaa saa nne usiku. Hata vitumbua hakupika.

Tulikuta viti vimepangwa duara, watu kumi na mmoja, wanawake wawili tu. Tukapewa chai. Kikombe cha Zai kikawa kinagonga kisahani, akakishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka chini ya mtandio na feni inazunguka. Nikajua ni woga. Mwenyekiti akasema kila mtu ajitambulishe kwa jina la kwanza tu, anayetaka kusema aseme, asiyetaka apishe. Zamu ya Zai ilipofika akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, nikamuonea huruma. Nikasema mimi: "Huyu ni shoga yangu, ameanza kunywa tangu mumewe alipooa mke wa pili Pemba akamtelekeza na watoto." Nilidhani namfungulia njia.

Zai aliinuka akatoka. Nikasubiri kidogo nikidhani amekwenda msalani, kisha nikamfuata. Mlangoni mama mmoja wa kikundi akanipa karatasi yenye namba yake ya simu, nimpe Zai. Bado ninayo kwenye pochi, nasubiri hasira zake zipoe. Nilimkuta grosari ya mtaa wa pili, amekaa pembeni, kichupa mbele yake kimefika nusu, mikono imetulia. Tumetoka kwenye kikundi cha kuacha pombe, yeye kaingia kwenye pombe! Nilimtolea maneno makali. Akanijibu neno moja, "Ulinisemea," na ndani ya bajaji hakufungua mdomo tena mpaka nyumbani.

Jana kaja kwangu. Anasema kikundini harudi, ataacha kwa njia yake: Ijumaa hii baada ya swala anajifungia chumbani siku nne, watoto waende kwa bibi yao, ufunguo nikae nao mimi, nisifungue hata akilia. Kaniwekea mkononi. Jirani anasema hiyo ndiyo dawa. Mimi nasita, maana Ramadhani iliyopita aliacha ghafla kwa ajili ya funga, na siku ya pili alasiri alianguka jikoni, akakakamaa na kujiuma ulimi. Tukasema ni njaa ya swaumu, mama yake mkubwa akasema ni jini.

Nimfungie? Au nimlazimishe arudi kikundini? Na kutoka kikundini akaenda kunywa, ina maana hakuwa na nia?

Msindikizaji, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Ijumaa haingoji gazeti, ndiyo maana nilikutumia ujumbe siku ileile barua yako iliponifikia: usimfungie, na asiache ghafla kabla hajaonana na daktari. Hapa naeleza kwa nini, kwa ajili yako na kwa wengine walioshikishwa ufunguo kama huo.

Nianze na kile kikombe, kwa sababu nimekisoma mara tatu. Toka Ijumaa saa nne usiku mpaka Jumamosi saa kumi jioni ni saa kumi na nane. Mtu anayekunywa kiasi hicho kila siku, kwa miaka minne, akikaa saa kumi na nane bila pombe, mwili wake huanza kudai. Mikono hutetemeka, jasho humtoka hata penye baridi, moyo humwenda mbio, kichefuchefu humpanda, na roho haikai mahali pamoja. Kwa wengi dalili hizi huanza mapema, kama saa sita tu baada ya kinywaji cha mwisho. Kule Zai kuzimua alfajiri ili aweze kupika ndiyo hali hiyohiyo, ila kila siku alikuwa akiituliza kabla haijamshika sawasawa.

Wewe ulisema ni woga, na pengine woga ulikuwepo, nani asiogope siku ya kwanza? Lakini huenda uliyekaa naye pale alikuwa mgonjwa, na wote wawili hamkujua. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukinyweshwa kila siku, ubongo hujizoesha kwenda kasi zaidi ili ushindane nayo, kama mtu anayezoea kuongea kwa kupiga kelele kwa sababu redio ya jirani haizimwi. Siku redio ikizimwa ghafla, yeye bado anapiga kelele, na itachukua siku kadhaa sauti yake ishuke. Kelele hizo ndizo ulizozisikia kwenye kisahani.

Kwa hiyo unaponiuliza kama hakuwa na nia, naomba uitazame tena grosari ile. Umeandika mwenyewe kwamba ulimkuta mikono imetulia. Mtu aliyekwenda kustarehe huandikwa vingine. Alikwenda kuzimua, na alikuwa amevumilia mchana kutwa bila kufanya hivyo, kwa heshima ya kikundi. Hiyo si dalili ya mtu asiye na nia.

Kuna kisa wanachokijua sana watu wa vikundi hivi. Vikundi vya AA, yaani vya wanywaji wanaosaidiana wao kwa wao kuacha pombe, vilianzia mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili: Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa, na Dokta Bob Smith, daktari mpasuaji. Asubuhi ya tarehe 10 Juni mwaka huo Dokta Bob alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kama ya Zai. Bill, aliyekuwa akimsaidia aache, ndiye aliyempa bia ili mikono itulie akafanye kazi. Hiyo ndiyo ikawa pombe yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa mwanzo wa AA. Sikuambii hili ili umnunulie Zai kinywaji. Nakuambia ili ujue kwamba waliovianzisha vikundi hivi hawangeshangaa kumkuta mtu wao grosari jioni ile.

Sasa ufunguo. Zai kachagua siku nne, na siku nne hizo ndizo hasa za hatari. Ndani ya saa arobaini na nane za mwanzo mtu aliyeacha ghafla anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kisha, kwa wachache, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, huja kuweweseka: anaona wadudu ukutani, anaongea na wasiokuwepo, hajui yuko wapi, homa inapanda, moyo unadunda kupita kiasi. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Na hapo ndipo mlango unapokuwa umefungwa, nawe umeagizwa usifungue hata akilia. Utajuaje kilio cha kutaka pombe na kilio cha mtu anayekata roho?

Jambo la Ramadhani ndilo lililonifanya nikuandikie siku ileile. Sikuwepo jikoni, na daktari ndiye wa kulipima, lakini njaa ya swaumu kwa kawaida humlegeza mtu, akaomba maji na kukaa chini. Kukakamaa na kujiuma ulimi, siku ya pili baada ya kuacha ghafla, kunafanana mno na kifafa cha kuacha pombe. Na aliyekwisha kuanguka mara moja ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena akiacha vilevile. Mama mkubwa aliyesema ni jini sina ugomvi naye. Kisomo hakimzuii mtu kufika hospitali, asomewe hata ndani ya bajaji, ila bajaji iwe inakwenda Bombo.

Pale hospitali ya rufaa, mwambieni daktari mambo manne bila kuyapamba: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho alikunywa lini, alivyoanguka Ramadhani, na dawa nyingine yoyote anayotumia. La tatu usiliache nje hata mkiona aibu, maana linaweza kubadilisha uamuzi wa kumlaza au kumrudisha nyumbani. Watampima mapigo ya moyo, presha na joto. Dawa inayotumika sana ni ya jamii ya diazepamu: huanza kwa kiwango cha kutosha kutuliza mwili, kisha hupunguzwa siku hadi siku, mara nyingi kwa muda wa wiki moja hivi, mpaka ile sauti ya ubongo ishuke yenyewe. Pia hupewa vitamini B1, kwa sababu anayekunywa sana na kula kidogo huishiwa nayo, na ubongo ukiikosa unaweza kuharibika kabisa. Kama wanataka kumtundikia dripu yenye sukari, B1 hutangulia au huenda pamoja nayo. Ukiuliza kwa adabu, "Atapata na B1?", hakuna atakayekuona mjuaji.

Najua kishawishi kitakachokuja: kwenda duka la dawa, kununua diazepamu na kujitibia ndani, kwa siri. Msifanye hivyo. Dawa hiyo ikichanganyika na konyagi inaweza kumzimisha pumzi usingizini. Dozi yake huenda na mgonjwa anayeangaliwa.

Na kama Zai atakataa hospitali? Hili ni zito kulitamka, na wengine watanilaumu, lakini nalisema: mpaka hapo atakapokubali, ni salama zaidi aendelee na kile kiasi chake cha kila siku, bila kuongeza, kuliko kukikata kwa mara moja. Ale, anywe maji, asilale peke yake. Kupunguza kidogokidogo kunawezekana, ila kwa mpango wa mhudumu wa afya, hasa kwa mtu aliyekwisha kuanguka. Ukiona amekakamaa, hajitambui, anaona visivyoonekana, au anatapika bila kukoma, hapo hakuna tena mjadala wa kukubali au kukataa, mnambeba.

Ufunguo mrudishie, lakini usimrudishie kwa kumsuta. Fikiria alichokuwa anakuomba. Baada ya kugombana grosari, baada ya ukimya wa ndani ya bajaji, ni wewe aliyekuja kukuwekea siku nne za maisha yake mkononi. Unaweza kumwambia, "Sitakufungia, nitalala nawe." Kwa wiki ya dawa atahitaji hasa mtu wa kulala chumba kimoja naye, mlango wazi.

Tuje kwenye lile neno lake moja.

Ulisema anakunywa tangu mumewe alipooa. Uliwahi kumsikia yeye mwenyewe akisema hivyo? Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba alianza kabla, au kwa jambo ambalo hata wewe hujaambiwa, na ukampa sababu mbele ya watu kumi na mmoja asioweza kuwakatalia. Hata kama ni kweli tupu, lilikuwa ni lake. Na Tanga unaijua, mtu wa Ngamiani akikaa kwenye duara la watu kumi na mmoja, hakosi mmoja anayejuana na wifi yake. Kikundini wana desturi kwamba yanayosemwa pale hubaki pale, na ni desturi wanayoitunza kwa sababu hiyohiyo. Lakini siku ya kwanza Zai hakuwa na sababu bado ya kuiamini.

Nawe kimya kile kilikutisha. Nakuelewa, sisi watu wa pwani kimya cha mgeni tunakiona kama mwenyeji amekosea kitu, lazima tukijaze. Mle ndani kimya kina kazi nyingine. Mwenyekiti alisema asiyetaka apishe, na alimaanisha. Wapo wanaopisha mkutano wa kwanza, wa pili, mwezi mzima, na hakuna anayewahesabia. Sharti la kuingia AA ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna fomu, hakuna kulazimishwa kusimulia. Mtu akisema yake, wengine hawamjibu wala hawamsahihishi, wanamshukuru na zamu inakwenda kwa mwingine. Hata aliyekunywa siku hiyo hafukuzwi, vikundi vingi humwomba tu akae asikilize. Kwa hiyo kunyamaza kwa Zai, kikombe mikononi, kulikuwa ni kuhudhuria kamili.

Ukienda kumwomba radhi, na nadhani ungependa kwenda, sema kile ulichofanya na uishie hapo: "Nilikusemea. Hayakuwa yangu." Ukiongeza "lakini nilikuwa nataka kukusaidia", utakuwa umemwachia kazi ya kukufariji wewe. Na mkiyamaliza, usitumie fursa hiyo hiyo kumvuta kikundini. Kulazimishwa hakujengi lolote pale, maana mwenye kulazimishwa huwa anamhudhuria yule aliyemlazimisha.

Siku akitaka mwenyewe kurudi, baada ya mwili kutulia, zipo namna za kwenda na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kuingia wote kama mwanzo. Hapo kwanza ulizeni, kwa sababu ipo mikutano ya wazi ambayo msindikizaji anakaribishwa, na ipo ya ndani ambayo ni ya wenye tatizo peke yao. Ukikaribishwa, sema jina lako na upishe. Faida yake hayuko peke yake. Hatari yake ni kwamba atakuwa anasema huku akikutazama wewe, mtu anayemjua mumewe, watoto wake na madeni yake, na mambo mengine hayatoki mbele ya anayekujua. Au unaweza kumfikisha mlangoni ukakaa kwenye benchi la nje mpaka watoke. Hii humpa uhuru, ila wewe je, utaweza kukaa saa nzima bila kumuuliza njiani "Leo umesema?" Jipime kwa ukweli.

Au aende na mwingine kabisa. Katika vikundi hivi mgeni hupata mtu wa kumlea, aliyetangulia kuacha, ambaye anaweza kumpigia simu usiku wa manane kiu ikimbana. Kwa kawaida mwanamke hulelewa na mwanamke. Wewe humpendi Zai pungufu, lakini hujawahi kuzimua alfajiri ili mkono utulie, na kuna maswali ambayo ni aliyepita huko tu anayeweza kuyajibu. Hili linauma kidogo kwa shoga wa tangu chuoni, nalijua. Jamaa na marafiki wa wanywaji nao walijiundia vikundi vyao tangu mwaka 1951, Al-Anon, kwa sababu maumivu ya anayesindikiza si sawa na ya anayeacha na hayatibiki kwenye duara moja. Waulize wale wa Jumamosi kama kuna jamaa wanaokutana. Kama hawapo, hata mtu mmoja mwenye ndugu kama Zai, wa kukaa naye baraza na kusema uliyoyameza, atakupunguzia.

Ipi mtachagua, mtaamua ninyi, na Zai ndiye atangulie kusema.

Ila lipo moja ambalo halihitaji kusubiri hasira zake zipoe. Ile karatasi iliyo kwenye pochi yako, yule mama aliiandika kwa ajili ya Zai. Mpe. Akiipiga leo, akiitia mkobani, akiichana, iwe kwa mkono wake.